Elfu tatu mia mbili, lakini kwa masharti gani?

Hotuba kwa makatibu wa vikundi vya wakulima wa mahindi, Nakuru

Ndugu makatibu, mama zangu na kaka zangu, hamjambo.

Nimeombwa niseme nanyi juu ya kazi ambayo wengi wenu mmeanza kupewa msimu huu. Mwanachama anazungumza na mnunuzi kwa simu, wote wawili wanajua mazungumzo yanarekodiwa, kisha ile sauti inaletwa kwako uifupishe kwa maandishi. Dakika kumi na moja za maneno, unatakiwa utoe ukurasa mmoja. Bei ni gani, gunia ni ngapi, mahindi yawe ya hali gani, yatachukuliwa wapi na lini.

Leo nitatumia rekodi moja tu, na nitakaa nayo hadi mwisho. Ni ya mama mmoja anayelima upande wa Njoro na mnunuzi mwenye stoo hapa mjini. Wamekubali tuitumie, na majina yao nimeyaacha nje. Ilirekodiwa Jumamosi tarehe 7 Novemba, jioni.

Nianze na namna watu wengi wangeifupisha. Katibu mmoja aliyeisikiliza aliandika hivi: “Wamekubaliana gunia 80 kwa shilingi 3,200, mahindi makavu, lori litakuja Jumatano.” Sentensi fupi, inasomeka vizuri, na kila neno lililomo lilisemwa kweli kwenye simu. Ila ukiwapelekea wale wawili sentensi hiyo kama makubaliano, Jumatano watagombana shambani mbele ya lori. Acheni niwaonyeshe kwa nini.

Twende kwenye bei kwanza. Mama anafungua kwa 3,500 kwa gunia la kilo 90. Mnunuzi anasema, “Mama, hiyo siwezi, soko limeshuka,” na anataja 3,000. Wanavutana. Dakika ya pili mnunuzi anauliza, “Una gunia ngapi kwanza?” Mama anajibu, “Themanini.” Naye anasema, “Haya, kwa themanini naweza kupanda kidogo.” Dakika ya tatu anatoa bei mbili kwa pumzi moja: 3,300 mama akiyafikisha stoo mjini kwa gharama yake, au 3,200 yeye mnunuzi akija na lori kuyachukua shambani. Mama ananyamaza kidogo, kisha anasema, “Njoo uchukue.”

Hapo ndipo bei ilipokubaliwa. Si pale 3,200 ilipotajwa, bali pale mama alipochagua. Na alichochagua si namba peke yake. Alichagua 3,200 pamoja na lori la mnunuzi kufika shambani. Ukiandika bei kwenye mstari mmoja na usafiri kwenye mstari mwingine, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana, umeikata kamba iliyoyafunga pamoja. Msomaji hataona tena kwamba lori lisipofika shambani, bei yenyewe inarudi mezani. Kwa hiyo andika hivi: “3,200 kwa gunia la kilo 90, mnunuzi akichukua mwenyewe shambani.” Yote katika sentensi moja. Na ile 3,300? Iandike kama toleo ambalo halikuchukuliwa, kwa maneno machache, kwa sababu tutaihitaji baadaye kidogo.

Kuna kamba ya pili, na hii ndiyo inayowaponyoka watu. Mnunuzi alipanda kutoka 3,000 kwa sababu aliambiwa gunia 80. Sasa sikilizeni dakika ya nane. Mama anasema, “Lakini mwanangu, zilizopukuchuliwa ni sitini. Ishirini bado ziko kwa mabunzi.” Mnunuzi anajibu, “Hakuna shida, zile zingine utanipigia.”

Kiasi kimebadilika, tena baada ya bei kukubaliwa. Yule katibu aliandika 80 kwa sababu namba hiyo ilitajwa mapema na ikarudiwa mara tatu. Namba iliyorudiwa mara nyingi hukaa masikioni, lakini katika mapatano namba ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ndiyo maana nasema rekodi isikilizwe yote, mwanzo hadi mwisho, kabla kalamu haijagusa karatasi. Ukiandika huku ukisikiliza kwa mara ya kwanza, utaandika 80 dakika ya pili na hutarudi kuifuta.

Sasa swali gumu: je, “hakuna shida” ina maana kwamba bei ya 3,200 inabaki hata kwa gunia 60? Mama anaamini hivyo. Labda na mnunuzi anaamini hivyo. Lakini mimi nilisikiliza sehemu ile mara kadhaa na sikusikia mtu akilisema. Mnunuzi alikubali kupokea 60 kwanza na kusubiri 20. Juu ya bei hakusema neno. Kazi ya anayefupisha si kumsemea. Anaandika: “Kiasi: gunia 60 sasa. Gunia 20 nyingine baadaye, mkulima atapiga simu, tarehe haikutajwa. Bei ilipandishwa kwa kutaja gunia 80. Haikusemwa kama inabaki ileile kwa 60, wala kama itatumika kwa zile 20.”

Najua mtu atasema, hapo umeamsha ugomvi uliokuwa umelala. Sikubali. Swali hilo likiulizwa Jumapili kwa simu, linajibiwa kwa dakika mbili. Likiulizwa Jumatano, lori likiwa limeshalipiwa na wapakiaji wamesimama, anayeshinda ni mwenye pesa mkononi, na huyo huwa si mkulima.

Kwenye bei kuna jambo dogo jingine. Dakika ya tisa mnunuzi anasema, “Hiyo ni kama thelathini na sita kwa kilo.” Pigeni hesabu. Kilo 90 kwa shilingi 36 ni 3,240. Na 3,200 ukigawa kwa 90 unapata 35 na senti 56. Kwa gunia 60, yaani kilo 5,400, bei ya gunia inatoa 192,000 na bei ya kilo inatoa 194,400. Tofauti ni shilingi 2,400. Pengine alikuwa anakadiria tu. Neno “kama” linaonyesha hivyo, nami ningeandika 3,200 kuwa ndiyo bei na kuweka ile 36 pembeni kama makadirio yaliyotajwa. Lakini lazima itajwe, kwa sababu mizani inasoma kilo, na siku ya malipo mmoja atazidisha kwa gunia na mwingine kwa kilo.

Tuje kwenye ubora. Hapa nitakaa kidogo.

Dakika ya sita mnunuzi anasema, “Yawe makavu, kumi na tatu na nusu.” Anamaanisha unyevu wa asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya mahindi nchini na Afrika Mashariki. Mama anajibu, “Yamekauka, nimeyauma.” Mnunuzi: “Nitakuja na mashine nipime. Yakizidi, nakata.” Mama: “Haya.”

Kuna mambo manne hapo, na muhtasari mwingi huyageuza kuwa maneno mawili, “mahindi makavu”. La kwanza ni kiwango: 13.5. La pili ni kipimo kitakachotumika: mashine ya mnunuzi, si meno ya mama. La tatu ni mahali pa kupimia: alisema “nitakuja na mashine”, kwa hiyo ni shambani, kabla ya kupakia. La nne ni matokeo yakizidi: atakata. Yote manne yalisemwa na yote yaliitikiwa. Yaandike.

Kisha uulize kisichosemwa: atakata nini, na kiasi gani?

Tuchukue mfano mahindi yakapimwa na kusoma asilimia 16. Kuyauma hakuwezi kumwonyesha mama tofauti ya 13.5 na 16. Hata jaribio la chumvi kwenye chupa, ambalo wengi wenu mnalijua, lina mpaka wake. Unatia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, unafunga, unatikisa, unaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15 hivi. Isipoganda, hujui kama ni 14.5 au 13. Kwa hiyo mama anaweza kuapa kwa moyo safi kwamba mahindi yake ni makavu, na mashine ikamkatalia.

Sasa hesabu. Kilo 5,400 zenye unyevu wa asilimia 16 zina asilimia 84 ya kitu kikavu. Zikikaushwa hadi 13.5, kitu kile kile kikavu kinakuwa asilimia 86.5 ya uzito. Zidisha 5,400 kwa 84, gawa kwa 86.5, unapata kilo 5,244. Maji yaliyotoka ni kilo 156. Huo ndio upungufu wa haki, karibu gunia moja na robo tatu. Mnunuzi akikata kilo moja kwa kila gunia kwa kila asilimia moja iliyozidi, anakata kilo 150, na hajamdhulumu mtu. Akikata kilo mbili, ni kilo 300, zaidi ya gunia tatu, thamani yake kama shilingi 10,700. Na kama kwake “nakata” maana yake ni kushusha bei ya gunia zote hadi 3,000, mama amepoteza 12,000. Maneno aliyoyasema kwenye simu yanabeba maana hizo zote tatu.

Usichague mojawapo. Hata kama unamjua mnunuzi yule na unajua desturi yake ya msimu uliopita, desturi haikuwa kwenye simu. Andika: “Unyevu ukizidi 13.5 mnunuzi atakata. Namna ya kukata haikutajwa.” Na kama kuna mahali pa kutia alama nyekundu kwenye ukurasa mzima, ni hapo.

Aliongeza pia, “Na yaliyooza yasiwe mengi.” Hilo liandike kama alivyolisema, ndani ya alama za kunukuu, kisha uongeze kwamba kipimo hakikutajwa. Usiandike “asilimia 3” kwa kuwa uliiona kwenye fomu fulani. Anayefupisha akitia namba yake, wale wawili huiamini kuliko kumbukumbu zao, kwa sababu imeandikwa.

Usafiri hautatuchukua muda mrefu. “Jumatano, saa mbili,” alisema mnunuzi. Kwenye muhtasari iwe “Jumatano tarehe 11 Novemba, saa mbili asubuhi”. Siku bila tarehe hupotea, maana muhtasari huu unaweza kusomwa wiki mbili baadaye. Kama asubuhi haikutamkwa, na hapa haikutamkwa, iwekee alama ya kuulizwa, ingawa sote tunajua lori la mahindi halipakiwi usiku.

Kilicho kigumu ni mvua. Mama anasema barabara ya kwake ikinyesha lori haliingii. Mnunuzi anasema, “Basi uyalete hapo kwa lami, tutasaidiana.” Mama anasema, “Mmh.” Hapa kuna mambo mawili ya kutazama. Kwanza, mlio wa kuonyesha kwamba nimekusikia si mlio wa kukubali. Ukitaka kujua ni upi, sikiliza kinachofuata. Pale mama alipokubali bei, alitoa agizo: njoo uchukue. Pale alipokubali mashine ya kupimia, alisema haya na akaendelea kueleza mahindi yaliko. Hapa kwenye lami alisema “mmh” kisha akarudi palepale: “Lakini trekta ya hapa ni ghali.” Huyo hajakubali. Pili, “tutasaidiana” haina kiasi. Nani analipa trekta, na bei ikiwa mama ameyatoa shambani kwa gharama yake, bado ni 3,200? Kumbukeni ile 3,300 tuliyoiweka kando. Mnunuzi mwenyewe alishasema kwamba mahindi yakisafirishwa na mkulima yana thamani zaidi kwake. Toleo lile lilikuwa la kufika stoo, si la kufika lami, kwa hiyo halijibu swali. Lakini linaonyesha kwamba swali ni la haki, na mama akiliona kwenye muhtasari atajua pa kuanzia.

Kupakia, magunia yenyewe, na ushuru wa kaunti wa kupitisha mazao: hakuna aliyeyataja. Mstari mmoja unatosha.

Sasa kuna sehemu ya rekodi ambayo haipaswi kuingia kabisa, nami nalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Dakika ya nne, kabla ya kusema njoo uchukue, mama anageuka na kuzungumza na mwanawe kwa Kikuyu. Simu ilinasa kila kitu. Wanaelewana kwamba wakibanwa watashuka hadi 3,100, kwa sababu karo inadaiwa. Mnunuzi labda hakusikia, au hakuelewa. Lakini anayefupisha amesikia. Ukiandika “mkulima yuko tayari kushuka hadi 3,100”, na ukurasa huo ukamfikia mnunuzi, umemuuzia mahindi ya mama kwa bei ya shida yake. Maneno yale hayakuelekezwa kwa mnunuzi; si sehemu ya mapatano. Yaache. Na rekodi yenyewe isisambazwe kwenye kikundi cha simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda sauti na habari za mtu, na ruhusa waliyotoa ni ya kufupishiwa, si ya kusikilizwa na kijiji.

Kama wewe huelewi lugha waliyoingia kati kati, usikisie. Tafuta mtu mmoja anayeielewa, akwambie tu kama maneno yale yalisemwa kwa mnunuzi au kando.

Mwanzoni ukurasa wangu ulisomeka hivi:

“Mazungumzo ya simu, Jumamosi 7 Novemba, dakika 11. Yaliyokubaliwa: gunia 60 za kilo 90, shilingi 3,200 kwa gunia, mnunuzi akichukua shambani (dakika 3–4 na 8). Unyevu usizidi asilimia 13.5, upimwe shambani kwa mashine ya mnunuzi. Ukizidi, atakata (dakika 6). Lori Jumatano 11 Novemba, saa mbili (dakika 10). Yaliyotajwa bila kukubaliwa: 3,300 kwa kufikisha stoo, kupeleka kwenye lami mvua ikinyesha, ‘tutasaidiana’ gharama. Yanayohitaji jibu: bei kama inabaki kwa gunia 60, na kwa zile 20 za baadaye, kiasi cha kukata, ‘yaliyooza yasiwe mengi’ ni kiasi gani, hesabu ni ya gunia au ya kilo, maana mnunuzi alikadiria ‘kama thelathini na sita kwa kilo’, saa mbili ni asubuhi, nani analipa trekta. Hayakutajwa: kupakia, magunia, ushuru, siku ya malipo.”

Zile namba za dakika ziwekeni. Mtu akisema sikusema hivyo, humjibu kwa sauti ya juu. Unafungua dakika ya nane mkasikilize pamoja.

Jumapili ukurasa ule ulisomwa kwa wote wawili kwenye simu moja, kwa Kiswahili cha kawaida, mstari kwa mstari. Mnunuzi alisema 3,200 inabaki kwa zile 60, lakini kwa 20 za baadaye atatazama soko la siku hiyo. Mama hakufurahi, akakubali. Kukata: kilo moja kwa gunia kwa kila asilimia moja, na yakipita asilimia 16 hapakii. Hesabu ni ya kilo zitakazosomwa na mizani, kwa bei ya 3,200 kugawa kwa 90, na mizani ikae shambani mama akiiona. Trekta, nusu kwa nusu. Malipo kwa simu kabla lori halijaondoka. Kwenye yaliyooza walishindwa kupatana kipimo. Wakaamua kila gunia lifunguliwe na kuchambuliwa shambani, mbovu ziachwe.

Majibu hayo yaliandikwa chini ya muhtasari kwa tarehe ya Jumapili, si ndani ya mistari ya Jumamosi, ili ibaki wazi lipi lilitoka kwenye rekodi na lipi lilikuja baadaye. Kisha wote wawili walitia saini nakala mbili Jumatano asubuhi, kabla ya gunia la kwanza kupandishwa. Saini hiyo si urembo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 6, inasema mauzo ya shilingi 200 au zaidi hayadaiki mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya mali, au ametoa arbuni au sehemu ya malipo, au kuna maandishi yaliyotiwa saini na yule anayedaiwa. Mama huyu hakuwa amepewa hata senti ya arbuni. Hadi Jumatano asubuhi, alichokuwa nacho mkononi ni ukurasa huo tu.

Mashine ilisoma 14.5 siku hiyo. Mnunuzi alikata kilo 60.

Rekodi nyingine mbili zipo kwenye simu yangu, zenye ruhusa. Mojawapo ni ya viazi vya Molo, na huko hakuna mashine ya unyevu. Ugomvi ni wa ukubwa wa kiazi na uzito wa gunia. Tugawane makundi mawili, kila kundi lisikilize mara moja bila kuandika.